Mpe Moja, Ule Tatu

Jumamosi jioni meza yetu ya Go, mchezo wa kuzingira nukta za ubao kwa kete, huwekwa kwenye kibaraza cha fundi wa simu, Kondele, hapa Kisumu. Ubao ni kipande cha plaiwudi tulichokichora kwa biro, mistari 9 kwenda juu na 9 kwenda kando. Kete ni vifungo vya shati vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, vilivyonunuliwa soko la Kibuye. Wapita njia hudhani ni drafti, wakakaribia, kisha wakauliza kwa nini kete zinawekwa pale mistari inapokutana badala ya ndani ya vyumba.

Karibu sisi sote tulitoka kwenye drafti, na jambo hilo lina uzito katika haya ninayotaka kueleza. Drafti tunayocheza humlazimisha mtu kula. Ukiona kete ya kuliwa unaila, hata kama unajua unakokwenda ni shimoni. Go haimlazimishi mtu. Anayekula amechagua mwenyewe, naye anaweza kuiacha kete aliyopewa ikakaa palepale mpaka mwisho. Kwa hiyo ukitaka kumtega mtu kwa kumpa kete, lazima uipange hivi: akiila anaumia, na akiiacha anaumia vilevile. Kete za namna hiyo ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Sisi tunaiita kete ya kutupa, na ule mtego wake mtamu zaidi tunauita kula-uliwe.

Kwa asiyejua Go, mambo matano yanatosha kufuata simulizi hii. Kete ikishawekwa haisogei. Nukta tupu zinazogusana nayo kwa mstari, juu, chini, kushoto na kulia, ndizo pumzi zake. Kete za rangi moja zilizogusana kwa mstari ni kundi moja, na pumzi zao ni za pamoja. Kundi likinyimwa pumzi ya mwisho linaliwa lote na kuondolewa ubaoni, na likibakiwa na pumzi moja tu tunasema liko kwenye atari. Pia huruhusiwi kuweka kete mahali ambapo itakosa pumzi papo hapo, isipokuwa kama kwa kuiweka unakula kete za mwenzako.

Kula-uliwe niliushuhudia kwa karibu kwa mara ya kwanza fundi alipokuwa na nyeupe na mwalimu wa hesabu akiwa na nyeusi. Upande wa chini wa ubao ulikuwa hivi. X ni nyeusi, O ni nyeupe, na kitone ni mahali patupu:

```
   A B C D E F G
4  . O X . . . .
3  . O X X X X .
2  . O X O O X .
1  . O O . . X .
```

Tazama zile nyeupe mbili, D2 na E2. Zimezungukwa juu na pande zote, na pumzi zilizobaki ni mbili, D1 na E1. Zile nyeupe za kushoto, kuanzia C1 na kupanda safu ya B, ziko salama kabisa kwa sababu safu yote ya A iko wazi. Maana yake, fundi akiweka kete D1, kete zake mbili zinaungana na wenzao wa kushoto na hakuna wa kuzigusa. Ilikuwa zamu ya mwalimu.

Jicho la mtu aliyezoea drafti linakimbilia E1. Inaonekana sawa kabisa: kete iko karibu na ukuta wake, inagusa F1, haiwezi kuliwa, na inaziweka nyeupe mbili kwenye atari. Lakini fundi angejibu D1, daraja lingekamilika, na mwalimu angebaki ameziba nukta yake mwenyewe bila kupata chochote. Mwalimu alikaa kimya kitambo, akachukua kifungo cheusi akakiweka D1, katikati ya mdomo wa nyeupe.

"Mwalimu, hiyo umenipa bure," fundi akasema.

Na kweli kete ile ilikuwa ya kuliwa. Kushoto yake C1 nyeupe, juu yake D2 nyeupe, chini ni ukingo wa ubao. Pumzi yake ni moja tu, E1. Lakini kete hiyohiyo imekata daraja, na zile nyeupe mbili nazo zimebakiwa na pumzi moja, nayo ni E1 ileile. Fundi akiacha, mwalimu anaweka E1 na kula mbili. Kwa hiyo fundi akafanya ambacho kila mtu angefanya: akaweka E1, akaiondoa kete ya D1, akaitupa kwenye kifuniko cha Blubandi tunamowekea mateka.

Hapo ndipo pa kusimama na kuangalia ubao upya kabla mwalimu hajagusa kitu:

```
   A B C D E F G
3  . O X X X X .
2  . O X O O X .
1  . O O . O X .
```

Nyeupe za D2, E2 na E1 sasa ni kundi la kete 3. Lina pumzi ngapi? C2 ni nyeusi, D3 na E3 nyeusi, F2 nyeusi, F1 nyeusi. Iliyobaki ni D1 peke yake, palepale ilipotoka kete iliyoliwa. Ile kete ambayo fundi aliitumia kula imeziba pumzi yake mwenyewe. Mwalimu akaweka kifungo D1 kwa mara ya pili, akanyanyua nyeupe 3.

Fundi akashika mkono wake. "Ngoja, ngoja! Hiyo ni ko. Huwezi kula palepale nilipokulia."

Pingamizi hilo nalipenda, kwa sababu anayelitoa anaijua sheria, ila ameishika kwa sura yake tu. Ko ni pale mtu anapokula kete 1, na mwenzake akiirudishia kwa kula kete 1 ubao ungekuwa vilevile kama ulivyokuwa kabla. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka asubuhi, ndiyo maana sheria inamzuia wa pili asile papo hapo, mpaka acheze kwanza mahali pengine. Sheria inazuia ubao kurudi ulivyokuwa. Haimzuii mtu kucheza kwenye nukta fulani.

"Fundi, hesabu hizi mkononi mwangu," mwalimu akamwambia. Zilikuwa 3. "Wewe umekula moja, mimi nimekula tatu. Ubao huu umewahi kuwa hivi?"

Haukuwahi kuwa hivyo. Tangu siku ile, ubishi wa ko ukizuka mezani kwetu, tunahesabu kete zilizo mkononi. Kama ni zaidi ya moja, ubao hauwezi kuwa umerudi, na mchezo unaendelea.

Tukihesabu kwa mtindo wa Kijapani, ambao kila mateka na kila nukta tupu uliyoizingira ni pointi moja, mwalimu alipata mateka 3 na nukta 3 tupu walizoziacha, akapoteza mateka 1. Ni pointi 5 kwa kete moja ya kutupa, na kwenye ubao wa 9 kwa 9 hiyo ni tofauti kubwa sana. Tena ukuta wake wote ukawa hauna kitu cha kuusumbua kwa ndani.

Usiku ule niliirudia nafasi hiyo kwenye karatasi, lakini nikakaa upande wa nyeupe. Nilitaka kujua: kama ingekuwa zamu ya nyeupe, na nyeupe anahisi hatari, angejilinda wapi? Nukta ni mbili tu, D1 na E1. D1 inaunganisha, basi, mambo yamekwisha. E1 je? Inaonekana kama inaongeza nguvu, kwa sababu kete mbili zinakuwa tatu na adui anazibiwa njia ya kuingilia. Lakini iweke, kisha hesabu. Kundi la kete 3, pumzi moja, D1. Nyeusi anaweka D1 na kula zote bila hata kutupa chochote.

Hapo ndipo nilipouelewa mtego wenyewe. Nyeupe akiweka E1 kwa hiari yake anakufa. Kazi ya kete ya kutupa ni kumfanya aiweke. Unamlipa kete moja ili aende mwenyewe kwenye ile nukta ambayo kwake ni mbaya kuliko zote, na baada ya malipo hayo zamu inarudi kwako. Ukiyaona mambo kwa namna hiyo, huangalii tena kete unayoitoa. Unatafuta nukta ambayo mwenzako akijiziba anakosa hewa, halafu unajiuliza ni chambo gani kitakachompeleka hapo.

Niliporudi kwenye karatasi nilifuta kitu kimoja tu, kete nyeusi ya F1. Ukuta ukabaki vilevile, C2 mpaka F3 na F2, ila pale chini pembeni pakawa wazi. Kwa macho karibu hakuna tofauti. Nyeusi anatupa D1, nyeupe anakula kwa E1. Sasa hesabu pumzi za D2, E2 na E1: kuna D1, na kuna F1. Ni mbili. Nyeusi hawezi hata kurudi D1, kwa kuwa kete hiyo haina pumzi na haili chochote, na sheria inaikataa. Akiweka F1 kutishia, nyeupe anajaza D1 na daraja limekamilika. Kete moja imepotea bure kwa sababu ya tundu moja lililo nje ya mahali penyewe.

Kwa hiyo hesabu ya kula-uliwe hufanywa kwenye ubao ambao bado haupo. Kabla ya kutupa, uone kichwani kete yako ikiwa imeshaondolewa na kete yake iliyokula ikiwa imekaa. Zunguka kundi lake lote kwa kidole, nukta kwa nukta, ukijumlisha na kete hiyo mpya, kwa maana nayo huweza kumletea pumzi ambazo hakuwa nazo. Ukipata pumzi moja, na hiyo moja ni tundu ulilotoka wewe, tupa. Ukipata mbili, acha. Wengi wanaokosea mezani kwetu hesabu wameifanya, tena vizuri, lakini wameifanya kwenye ubao wa kabla ya kuliwa.

Ile F1 tupu ikanifundisha na kitu cha pili ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachomtofautisha mchezaji wa kujua mitego na mchezaji wa kuitengeneza. Kama F1 iko wazi na ni zamu ya nyeusi, anaweza kuweka F1 tu na kutulia. Kete hiyo haigusi nyeupe hata moja. Haimweki mtu kwenye atari, kwa kuwa D2 na E2 bado zina pumzi mbili. Inaonekana kama mtu anayepiga lipu ukuta wake. Nyeupe akienda kucheza kwingine, D1 inatupwa na kete 3 zimekwenda. Mwalimu ana kete nyingi za aina hiyo. Ukicheza naye, ile isiyokugusa iogope kuliko ile inayokugonga.

Kete ya kutupa ina kazi nyingine isiyoishia kwenye kula-uliwe, nayo ni kuua jicho. Hii nilionyeshwa Nakuru, kwenye hoteli ya chai karibu na steji, na binti anayesoma chuo Njoro ambaye hucheza Go kwenye simu na kubeba ubao wa karatasi kwenye begi. Jicho ni nukta tupu iliyozungukwa na kundi lenyewe, mahali ambapo adui hawezi kuingia. Kundi lenye macho mawili ya kweli haliliwi kamwe, kwa sababu adui hawezi kuyaziba yote mawili kwa mara moja. Lenye jicho moja linakufa. Akanipangia hivi, tukiwa tunasubiri mandazi:

```
   A B C D E F G
3  X X X X X X .
2  O O O O X X .
1  . O . . O . X
```

"Kaka, nyeusi anaanza," akasema. "Kundi hili la kona linaishi au linakufa? Na usiguse kete, sema kwanza."

A1 ni jicho, hilo halina mjadala. Swali ni kama nyeupe atapata la pili kwenye zile nukta mbili, C1 na D1. Nikaanza na ile inayojitokeza yenyewe, F1. Inamweka E1 kwenye atari, kwa kuwa kete hiyo ina nyeusi juu yake na sasa kulia kwake, imebaki D1. Lakini nyeupe anajibu D1, anaiokoa kete yake, na palepale C1 inakuwa jicho: B1 upande mmoja, C2 juu, D1 upande wa pili, zote zimeungana. A1 na C1, macho mawili, kundi linaishi. Kwa kumtishia nimemsaidia kuweka kete mahali alipoihitaji.

Nikajaribu kutupa C1. Kete hiyo ina pumzi moja, D1. Nyeupe anaweka D1, anaila, na C1 inabaki tupu na imezungukwa. Jicho lilelile. Kwa hiyo hata kutupa kwenyewe kuna upande: ukitupa kwa ndani unamvuta mwenzako aje kwenye nukta nzuri.

Iliyobaki ni D1. Nikaisema, naye akaniambia, "Haya, malizia." D1 nyeusi ina nyeupe juu yake na nyeupe kulia kwake, na pumzi yake moja ni C1. Nayo inamweka E1 kwenye atari, kwa sababu E1 sasa imebaki na F1 peke yake. Nyeupe hawezi kukimbilia F1, kwani pale G1 na F2 ni nyeusi, na kete zake mbili zingekosa pumzi papo hapo. Akiacha, nyeusi anaweka F1 na kuila E1, na jicho limevunjika. Basi anakula kwa C1:

```
   A B C D E F G
3  X X X X X X .
2  O O O O X X .
1  . O O . O . X
```

D1 imekuwa tupu tena, na kwa haraka inafanana na jicho. Sasa nyeusi anaweka F1. E1 iko kwenye atari, na pa kuiunganisha na wenzake ni D1 tu, ndani ya hicho kinachoitwa jicho. Akiunganisha, hesabu pumzi za kundi zima: safu ya pili yote imezibwa na nyeusi za safu ya tatu, chini kumejaa nyeupe, imebaki A1. Nyeusi anaweka A1 na kula kete 8 kwa mpigo. Asipounganisha, E1 itaendelea kuning'inia, D1 haitakuwa jicho la kweli hata siku moja, na kundi limekufa pale lilipo. Linabaki na A1 peke yake.

Binti akazikusanya kete, akazipanga tena na kunionyesha kitu ambacho nisingekiona peke yangu. F1 ilikuwa kete sahihi tangu mwanzo, ila ilikuja mapema. Ikitangulia, nyeupe anaokoka kwa D1. Ikifuata baada ya kutupa, nyeupe akijibu D1 anajiua. Kete ni zilezile, kilichobadilika ni mpangilio, na kilichoubadilisha ni kwamba nyeupe amelazimika kwanza kujaza C1, ile nukta iliyokuwa iwe jicho lake.

Na D1 ile ndiyo ambayo nyeupe mwenyewe angeichukua kama zamu ingekuwa yake. Akiweka D1 anaishi, akiweka C1 hapati kitu. Katika nafasi ya Kondele ilikuwa vivyo hivyo, nukta ya kuokoka na nukta ya kuua ni moja. Siku hizi nikikwama sijiulizi tena nyeusi acheze wapi. Najiuliza nyeupe angependa acheze wapi, halafu naangalia kama naweza kuweka kete yangu palepale, hata kama kwa sura inaonekana kete ya kujinyonga. Mara nyingi jibu liko hapo.

Namna ya kulitambua jicho linaloweza kuvunjwa kwa kutupa ni kuangalia kete ya pembeni inayolifunga. Katika nafasi ya Nakuru kete hiyo ni E1. Imeungana na kundi kwa njia gani? Kwa kupitia D1 tu, na D1 bado ni tupu. Yaani haijaungana. Kona iliyoikata ni E2, ambayo ni nyeusi. Badilisha kete hiyo moja, E2 iwe nyeupe, kila kitu kingine kiwe vilevile. Sasa E1 inashikana na D2 kwa kupitia E2. Ukitupa D1 hutishi kitu chochote. Nyeupe hahitaji hata kukula: anaweza kuiacha kete yako ikae pale, akachukua nukta nzuri upande mwingine wa ubao, nawe huwezi kuongeza C1 kwa sababu kete zako mbili zingekosa pumzi. Umetoa kete na umetoa zamu. Kwa hiyo kabla ya kutupa jichoni, angalia pembe za mshazari. Pembe ikiwa yako, na kete yake ikawa inashikiliwa kwa tundu hilohilo unalotaka kuliingia, kuna kazi. Pembe ikiwa yake, nenda kwingine.

Kitu cha mwisho ambacho mwalimu amekisisitiza sana mezani kwetu ni kutokutupa mapema. Kete ya kutupa inatamanisha. Mtu akishajua ladha yake anaanza kuzitupa kila anapoona mdomo umeachama, hata kwenye nafasi ya Kondele F1 ikiwa bado wazi. Anasema, sijapoteza kitu, amekula moja nami nikamtishia akaunganisha. Amepoteza. Kwanza amempa mwenzake mateka 1, ambaye kwa hesabu ya Kijapani ni pointi. Pili, ametumia kitisho ambacho kingemfaa vita vya ko vikianza, pale anapotakiwa kucheza kwanza mahali pengine na anahitaji kete ambayo mwenzake lazima aijibu, kwa kuwa kutupa D1 kunatishia kula kete mbili na nyeupe hana budi kujibu. Kitisho cha namna hiyo ni akiba, ukikitumia bila ko hakirudi. Tatu, na hili ndilo zito, amemaliza mambo. Mfululizo wa D1, E1, F1, kisha D1 ya kuunganisha unamwacha nyeupe akiwa ameshikana kama zege, hakuna tena tundu la kuchezea.

Lakini akianza na F1 kimyakimya, mtego unakaa tayari na kitisho bado hakijatumika. Nyeupe akiuona na kujibu D1, nyeusi hakutoa mateka yeyote, ukuta wake umefungwa mpaka chini, na zamu ya kucheza kwingine ni yake.